Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 13: Jina lako halimo. Sasa unaandika nini?



Leo nazungumza na wewe uliyefungua orodha kwenye simu ukatafuta jina lako. Ukashuka mpaka chini, ukapanda tena juu, ukarudia, na halimo. Iwe ni matokeo ya mtihani, nafasi ya chuo au kazi uliyoomba. Kifua kimebana na kidole kiko tayari kwenye stetasi. Hebu ngoja kidogo, usome hapa kwanza.

Wiki iliyopita, kama saa kumi na moja jioni, kijana mmoja wa hapa msikitini alinitumia ujumbe: "Ustadhi, nataka kuweka hii. Iko sawa?" Ameniruhusu niwasimulie bila kumtaja. Aliomba kazi ya msaidizi wa hesabu, akafanya usaili wa kuandika, na siku ile yakatoka majina ya walioitwa kwenye usaili wa mdomo. Yeye akaandika hivi:

"Miezi mitatu nimekesha nasoma. Leo majina yametoka, langu halimo. Nchi hii bila kujuana hupati kitu. Walioitwa tunajua ni watoto wa nani. Na nyie mliokuwa mnasema tupo pamoja, nimewaona. Siombi tena kazi ya mtu. Mungu anawaona."

Nilimjibu jambo moja tu: "Mwanangu, usiiweke sasa. Futuru, swali, tuonane baada ya tarawehe." Mtu mwenye njaa ya jioni na habari mbaya ya nusu saa hawezi kupima maneno. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba saumu ni ngao, na kwamba aliyefunga akichokozwa aseme amefunga. Siku hizi tunachokozwa hata na orodha ya majina. Halafu stetasi hukaa saa 24, lakini aliyeipiga picha atakaa nayo miaka.

Tukakaa barazani na kalamu. Nikamwambia twende sentensi moja moja, na kila moja tuiulize: hili unalijua, au unalidhani?

"Majina yametoka, langu halimo." Hili analijua. Libaki.

"Miezi mitatu nimekesha nasoma." Nikamuuliza, miezi mitatu kweli? Akanyamaza. Akasema tangazo lilitoka miezi mitatu iliyopita, ila daftari alilifungua wiki mbili za mwisho. Basi sentensi ya kwanza kabisa ilikuwa na chumvi. Na hapo ndipo mambo huharibika, ndugu yangu. Ukishajiandikia miezi mitatu ya kukesha, kushindwa kwako hakutaelezeka ila kwa dhulma. Utalazimika kumtafuta dhalimu.

"Walioitwa tunajua ni watoto wa nani." Nikamwambia nitajie. Akataja wawili anaowahisi, hana ushahidi juu ya yeyote. Nikafungua ile orodha mwenyewe, nikamwonyesha jina moja: binti wa mtaa wetu, mama yake anakaanga maandazi alfajiri, mnamjua. Yule binti ana namba yake. Angeisoma ile stetasi usiku uleule, siku ya furaha yake ya kwanza baada ya kuhangaika miaka miwili. Kijana akainamisha kichwa. Hakuwa amemfikiria kabisa. Surat Al-Hujurat imetuonya tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi, na hapa mwenye kuumizwa na dhana alikuwa ni jirani.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi upendeleo haupo. Upo, na wengine mmeuonja. Na Surat An-Nisaa imempa aliyedhulumiwa ruhusa ya kusema wazi. Lakini aliyedhulumiwa na mwenye kudhani kadhulumiwa si mtu mmoja. Ukiwa na ushahidi, andika barua kwa waliotangaza nafasi, omba alama zako, fuata njia ya rufaa kabla muda wake haujapita. Hapo utasikilizwa. Stetasi yenye mafumbo haifiki kwa mhusika, inawafikia shangazi zako tu.

"Mungu anawaona." Ndiyo, anawaona. Anatuona na sisi. Alichofanya kijana hapa ni kulichukua jina la Allah akalirusha kama jiwe kwa watu asiowajua. Tukalifuta.

Kisha nikamwambia aingie kwenye akaunti yake aone alama. Hakuwa ameangalia, hasira ilimtangulia. Alipata 44, na waliopita ni kuanzia 50. Tukarudi kwenye maswali aliyoyakumbuka. Kulikuwa na swali kubwa la kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki: hundi zilizoandikwa lakini hazijafika benki, makato ya benki ambayo hayajaingizwa kwenye daftari. Alilikimbia, hakuandika hata mstari. Akacheka kwa uchungu: "Ustadhi, ile topiki niliiruka."

Akaandika upya. Na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu rasimu ya pili nayo niliikataa, ingawa wengi wetu tungeisifu:

"Alhamdulillah. Sijapata, wala sijali. Allah kaniepusha na shari iliyokuwa kwenye kazi ile. Mwakani napita inshaallah!"

Nikamuuliza: hujali? Akasema, "Nilishindwa hata kula tambi za mama." Basi anajali. Na nani kamwambia kwamba kazi ile ilikuwa na shari?

Kumbukeni siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (s.a.w.) kwa Bibi Mariya. Mtume alilia. Abdurrahman bin Auf akashangaa, Mtume akamweleza kwamba yale machozi ni rehema. Jicho linalia, moyo unahuzunika, na ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Hakujifanya haumii.

Siku hiyohiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim. Fikiria, baba aliyefiwa analetewa maelezo kwamba mbingu zenyewe zinamwomboleza mwanawe. Ni maneno matamu hayo. Lakini Mtume akayakataa palepale. Akawafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili za Allah, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake, na akawaelekeza kwenye sala na dua.

Kwa hiyo hata katika huzuni kubwa hakukubali sababu isiyo ya kweli, japo ilikuwa ya kumtukuza. Sisi tukikosa kazi tunajitungia sababu moja kati ya mbili. Ya uchungu inasema wamenifanyia. Ya kujifariji inasema Allah kanikinga na kitu fulani. Tunaamini Allah ana hekima katika kila analolikadiria, hilo halina shaka. Lakini hekima yenyewe ni ipi, hatujaambiwa. Kumshukuru Allah ni ibada. Kumsemea sababu zake ni jambo jingine.

Na "mwakani napita" je? Nikamwambia, matumaini ya namna hiyo hayana miguu. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume anatuhimiza tupupie lenye kutunufaisha, tumtake Allah msaada, na tusikate tamaa. Tazama mpangilio wake: kuna kitu cha kufanya, na kuna kuomba. Sasa wewe cha kufanya ni kipi? Akasema ni ile topiki aliyoiruka. Lini? Baada ya Iddi. Nani atakufundisha? Hajui. Basi, nikamwambia, andika hivyohivyo, kwamba unatafuta.

Nikamuuliza pia kama anaweza kuandika kwamba amewafurahia waliopita. Akasema kwa ukweli, bado. Nikamwambia usiandike usichokihisi, ila dua unaweza kuwaombea hata moyo ukiwa mzito. Hii ndiyo iliyotoka, karibu saa tano usiku:

"Assalaam alaykum. Majina ya usaili yametoka, langu halimo. Nilipata 44, ilitakiwa 50. Nimeumia, sifichi. Swali la kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki ndilo lililoniangusha, sikulisoma. Waliopita, Allah awafanyie wepesi huko mbele. Mimi baada ya Iddi naanza kulisoma upya. Mwenye daftari la mazoezi, au anayeweza kunielekeza jioni mbili kwa wiki, naomba anitafute. Na mnapofuturu kesho, nikumbukeni kwenye dua."

Isome tena. Haina mtu aliyetukanwa wala hasira iliyofungwa kwenye mafumbo. Uchungu umo, umetajwa kwa neno moja. Alama zimo, kwa hiyo hakuna wa kuuliza pembeni kwa umbea. Na kuna mlango: anayetaka kusaidia anajua asaidie nini. Ile ya kwanza, hata anayekupenda angejibu nini zaidi ya "pole sana kaka"?

Asubuhi mzee wetu mmoja, mhasibu mstaafu, aliniuliza kijana huyo anakaa wapi. Na yule binti wa maandazi alimtuma kaka yake na daftari lake la mazoezi. Kazi bado hana. Siwezi kuwaambia kwamba ataipata, hilo liko kwa Allah. Lakini alitamani kuliangalia lile daftari, akaona haya, akakumbuka alichokuwa anataka kumwandikia mwenye nalo.

Basi ndugu yangu, ikikufika, andika ile ya hasira kama ni lazima, lakini jitumie mwenyewe. Futuru. Baada ya tarawehe ifungue, na kila sentensi iulize: najua au nadhani? Ukifuta unayoyadhani, pengine itabaki mistari miwili tu. Ongeza utakachofanya na siku utakayoanza. Halafu, kabla hujaibandika, jiulize ni nani kati ya waliofaulu ataisoma, na kama ungeweza kumsomea usoni.

Ee Allah, waliovunjika moyo katika mwezi huu waunge. Waliofaulu wape unyenyekevu. Zilinde ndimi zetu, na vidole vyetu pia. Tukubalie saumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Mwenye mtoto au ndugu aliyekosa nafasi mwaka huu, mtumieni hii kwa upole. Na mtumieni baada ya futari, si kabla.

Ramadhani Karim.