Barua Isiyo na Mhuri

Jimu nyingi za Kibera na Kawangware hulipwa kwa siku. Unatoa pesa mlangoni, unanyanyua vyuma vya saruji, unarudi nyumbani bila deni. Sasa chukua kijana wa Kawangware aliyezoea hivyo, akajiunga na jimu kubwa kando ya Barabara ya Ngong. Alitia sahihi mkataba bila kuusoma na kuruhusu kadi yake ya benki ikatwe shilingi 3,500 kila tarehe 5.

Kazi ilipopungua aliandika barua ya kujitoa, tarehe 10 Machi. Akaipiga picha, akamtumia meneja kwa WhatsApp, kisha akaiacha mapokezi bila kubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Aprili akakatwa. Mei akakatwa, na Juni pia. Hasira zikampanda, akaandika: "Nyinyi ni wezi, rudisheni pesa zangu!" Hakujibiwa. Ujumbe wenyewe haukuwa na nambari ya uanachama, wala tarehe, wala kiasi.

Dada yake anayeishi Kibera ndiye aliyeusoma mkataba. Ulidai notisi ya siku 30.

"Ya Aprili ni yao," akamwambia. "Usidai 10,500. Ukidai kisicho chako, watashikilia hicho hicho kukunyima kilicho chako."

Wakaandika upya:

"Mimi ni mwanachama wenu, nambari yangu iko hapo juu. Nilijitoa kwa maandishi tarehe 10 Machi. Picha ya barua na ya ujumbe niliomtumia meneja siku hiyo nimeziambatisha. Notisi ya siku 30 iliisha tarehe 9 Aprili. Hata hivyo mlinikata shilingi 3,500 tarehe 5 Mei, na tena tarehe 5 Juni. Nataka makato yakome leo na shilingi 7,000 zirudishwe ndani ya siku 14. Nijibuni kwa maandishi."

Siku hiyo hiyo alikwenda benki kufuta ruhusa ya makato na kuyapinga yale mawili. Hatua hii ndiyo watu wengi huisahau. Benki haijui habari za barua uliyoiacha jimu, na itaendelea kulipa hadi uiambie wewe mwenyewe. Anayelipa kwa M-Pesa Ratiba naye afute agizo lake kwenye simu.

Angeusoma mkataba wiki ile ya kwanza na kuona haumfai, angeweza kujitoa mapema. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inampa anayejiunga na huduma za mazoezi siku 10 za kujitoa bila kutoa sababu, tangu apate nakala ya mkataba na huduma ziwe tayari.

Jimu ikikataa kurudisha pesa, ipo Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na huhitaji wakili. Ukienda, beba mkataba, taarifa ya benki inayoonyesha makato, na nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa.