Ilunga Wawili wa 7A

Kwa makarani wote wa ofisi: kabla ya kugusa folda za picha za wanafunzi, someni kwanza yaliyoipata shule moja hapa Kolwezi. Shule siitaji, na majina ya watoto ni ya mfano.

Darasa la 7A lilikuwa na wanafunzi 48. Wavulana wawili waliitwa Ilunga Kasongo, na wa tatu Kasongo Ilunga. Mtu wa Lualaba hilo halimshangazi. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, watu wakabaki na jina na postinomu. Prenomu zilirudi baadaye, lakini kwenye daftari la shule jina na postinomu ndiyo yanayotangulia hadi leo. Tena kwa Waluba mtoto anaweza kupewa jina la babu au la mjomba bila kubeba la baba yake, kwa hiyo Ilunga anaweza kukaa mbele katika nyumba hii, na nyuma katika nyumba ya jirani. Ndiyo maana skripti inayopanga picha haiulizi jina. Inasoma tarakimu 8 zilizo mwanzoni mwa folda, mpaka kwenye mstari wa chini wa kwanza, na kuishia hapo:

```
20240137_ILUNGA_KASONGO
20240152_ILUNGA_KASONGO
20240160_KASONGO_ILUNGA
```

Tarakimu 4 za kwanza ni mwaka ambao mtoto aliingia shuleni; 4 zinazofuata ni zamu yake ya kuandikishwa. Mwaka umewekwa mbele kwa sababu namba inayoanza na sifuri Excel huila sifuri hiyo, na 0137 ikawa 137. Jina linalofuata ni la macho yetu sisi tu.

Karani wa shule ile, mama mwenye bidii, aliona namba zinachafua orodha. Akaifuta namba ya folda ya kwanza, ikabaki `ILUNGA_KASONGO`. Akafika kwa ya pili, akafanya vilevile. Windows ikamuuliza kama anataka kuziunganisha folda mbili hizo. Akabonyeza `Oui`. Wakati ule kila picha iliitwa `photo.jpg`, katika kila folda, basi ikaja na swali la pili: faili iliyopo ibadilishwe? Akakubali tena. Hapo sura ya mtoto mmoja ikapotea. Faili iliyofunikwa namna hiyo haiendi kwenye kapu la takataka, kwa hiyo hata kulifungua kapu hakusaidii. Kasongo Ilunga naye alifutiwa namba, ila yeye hakuwa na wa kugongana naye.

Jioni skripti ikafanya kazi yake. Ilitafuta namba 3, haikuziona, ikadhani ni wanafunzi wapya, ikawatengenezea folda tupu. Zilizokuwa 48 zilikuwa zimebaki 47 baada ya kuunganishwa. Sasa zikawa 50. Daftari lilisema 48. Mtu angehesabu asubuhi iliyofuata, angekamata kosa palepale, wakati kadi ya kamera ya mpiga picha bado ina picha zote. Hakuhesabu mtu. Karani aliona folda tupu, akachukua picha iliyobaki akaitia katika 20240137 kwa kubahatisha, na kadi ya kamera ikafutwa kwa ajili ya darasa lingine.

Kadi za wanafunzi zilipochapishwa, prefe alishika moja langoni.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni Ilunga Kasongo, prefe."

"Ilunga Kasongo yupi? Mtoto aliye mbele yangu siye huyu."

Sura iliyosalia ilikuwa ya 20240152. Wa 0137 alipigwa picha upya, na kadi zote mbili za Ilunga Kasongo zikatupwa.

Tangu hapo utaratibu umebadilika kidogo, na ndio tunaoutumia sisi. Namba inaandikwa mara mbili, kwenye folda na kwenye picha yenyewe:

```
2024-2025\7A\20240137_ILUNGA_KASONGO\20240137_1.jpg
```

Sasa hata folda zikiunganishwa kwa bahati mbaya, picha mbili hazina jina moja, haziwezi kufunikana, na kila moja inajitambulisha. Mwaka wa shule unaandikwa kwa kistari kwa kuwa Windows haikubali mkwaju ndani ya jina la folda. Anayerudia darasa au kuhamia 7B anabadilishiwa folda ya juu tu; namba yake haibadiliki, wala mtu mwingine hapewi namba hiyo, hata mwenyewe akihamia Likasi.

Jina likikosewa, lisahihisheni kwenye `eleves.csv`. Skripti italiandika upya kwenye folda jioni. Windows ikiwauliza habari ya kuunganisha, jibu ni `Non`, kisha niiteni. Na kadi ya kamera isifutwe kabla idadi ya folda za darasa haijalingana na daftari, na kila folda kufunguliwa kuhakikisha ina picha ndani.