Makato 5%

Shule moja ya binafsi mkoani Morogoro ilimpa mkandarasi kazi ya kujenga vyumba vinne vya madarasa kwa shilingi 180,000,000. VAT tuiweke kando, maana kodi ya zuio haihesabiwi juu yake. Malipo yalipangwa kuwa matatu, kila moja 60,000,000, na kila moja lingetoka baada ya msanifu majengo kukagua kazi na kutia saini. Mkataba ulikuwa na kifungu kingine cha kawaida: asilimia 5 ya kila malipo ingebaki shuleni kama dhamana hadi kipindi cha matazamio cha miezi sita kiishe, ili nyufa zikitokea fundi asiwe ameshatokomea.

Malipo ya kwanza yalitoka Machi. Mhasibu wa shule alikuwa anajua kwamba anayelipa huduma za mkandarasi mkaazi anatakiwa kuzuia kodi ya asilimia 5. Akaandika vocha: thamani ya kazi 60,000,000, makato 5%, 3,000,000, anayelipwa apate 57,000,000. Hakuandika makato hayo ni ya nini. Fedha ya dhamana aliisahau kabisa. Zile milioni tatu alizipeleka TRA mapema Aprili kwa namba ya udhibiti, pamoja na 600,000 aliyokuwa ameizuia kwenye kodi ya pango la bweni la wasichana, zikawa malipo mamoja ya 3,600,000.

Mkandarasi alipoiona vocha hakulalamika. Kwenye mkataba wake kuna makato ya asilimia 5, na kwenye vocha kuna makato ya asilimia 5. Akajua ni dhamana, atarudishiwa.

Mwezi uliofuata mhasibu yule alipata kazi Dodoma akaondoka. Aliyekuja badala yake alifanya kile ambacho wengi wetu hufanya tukipokea ofisi ya mtu: alifungua faili, akatazama malipo yaliyopita yaliandikwaje, akaandika vilevile. Ila yeye alikuwa ameusoma mkataba, na kwa macho yake makato yale yalikuwa dhamana. Kwa hiyo Mei akakata 3,000,000 na Julai akakata 3,000,000, zote akaziacha kwenye akaunti ya shule. TRA haikupelekwa hata senti.

Mambo yalitulia hadi Januari, matazamio yalipokwisha na mkandarasi akaja kudai chake.

"Nina milioni tisa zangu hapa, dada."

"Injinia, mimi kwenye vitabu naona sita. Za Machi zilikwenda TRA."

"Kama zilikwenda TRA, nipe cheti changu."

Cheti hakikuwepo.

Tuanze na hesabu, ingawa kwa maoni yangu siyo kosa kubwa kuliko yote. Kwenye ujenzi, kodi ya zuio haikatwi juu ya malipo yote. Sheria ya Kodi ya Mapato inayagawa malipo ya kazi za ujenzi kwa uwiano wa tatu kwa mbili: sehemu tatu ni vifaa, sehemu mbili ni huduma, na asilimia 5 inatozwa kwenye huduma tu. Vocha ya Machi ilipaswa kwenda hivi. Kwanza unatoa dhamana ya 3,000,000, unabaki na 57,000,000 zinazolipwa mwezi huo. Unazigawa kwa tano, kila fungu ni 11,400,000. Mafungu mawili ni 22,800,000. Asilimia 5 yake ni 1,140,000. Mkandarasi anapokea 55,860,000, na vocha inaonyesha makato mawili kwenye mistari miwili: moja dhamana ya mkataba, moja kodi ya zuio. Siku dhamana inaporudishwa, hayo nayo ni malipo ya huduma na vifaa, hivyo kwenye 3,000,000 unazuia 60,000 na unatoa cheti kingine cha mwezi huo. Jumla inakuwa 1,200,000, sawasawa na asilimia 2 ya 60,000,000. Ndiyo maana mafundi wenyewe hupenda kusema "ujenzi ni mbili", na kwa mkandarasi mkaazi hesabu yao inatoka vizuri.

Mhasibu wa kwanza, basi, alizuia zaidi ya inavyotakiwa. Lakini lau angetoa cheti cha hizo 3,000,000, mkandarasi angeumia kidogo tu. Kodi hii kwa mkandarasi mwenye biashara siyo ya mwisho. Ni kama amelipa kodi yake ya mwaka nusu njia. Kampuni ikifunga hesabu, inajumlisha vyeti vyote na kuvitoa kwenye kodi inayodaiwa. Cheti chenye tarakimu iliyozidi kingemcheleweshea fedha, kisha zikamrudia kwenye hesabu za mwaka. Hesabu sahihi isiyo na cheti ndiyo inayomla mtu moja kwa moja.

Sheria inamtaka aliyezuia alipe TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, na amkabidhi mkandarasi cheti ndani ya siku 30 baada ya mwezi huohuo. Kodi ya Machi inalipwa kufikia tarehe 7 Aprili. Cheti kinamfikia mkandarasi Aprili haijaisha. Cheti kinafuata mwezi wa malipo, hakisubiri mradi ukamilike. Shule nyingi na hata baadhi ya kampuni huweka vyeti hadi mwisho wa mwaka "ili vitoke vyote pamoja", na kufikia Desemba aliyezuia keshahama.

Mhasibu mpya alimpigia mwenzake wa Dodoma, akaelekezwa stakabadhi ya benki ilipo. Ilikuwepo, 3,600,000, tarehe safi, Aprili 5. Alipoitazama orodha ya majina iliyoambatana nayo ndipo shida ya pili ilipojitokeza. TIN iliyoandikwa mbele ya zile 3,000,000 ilikuwa ya mkandarasi mwenyewe kama mtu binafsi, ile aliyoipata zamani alipoomba leseni ya udereva. Mkataba ulikuwa wa kampuni yake, yenye TIN nyingine. Siku ya kwanza alipoombwa TIN alitoa kadi iliyokuwa kwenye pochi, na hakuna aliyeilinganisha na ile iliyopigwa chapa kwenye risiti yake ya EFD. Kwenye mfumo, kwa hiyo, kampuni ilionekana haijazuiliwa chochote, na mkurugenzi asiye na biashara kwa jina lake alionekana amelipiwa milioni tatu.

Hilo linarekebishika. Shule iliandika barua TRA kuomba malipo yahamishiwe TIN ya kampuni, ikiambatisha mkataba, vocha, stakabadhi na ankara ya kampuni. Lakini barua haina kasi ya tarehe za kodi. Kampuni ile hufunga mwaka Desemba, na ritani yake inatakiwa kufikia mwisho wa Juni. Juni ilifika majibu hayajatoka, ikalipa kodi yote bila kutoa hata shilingi ya zuio. Haki yake haikupotea, ila sasa ni ya kufuatilia kwa foleni na maombi, wakati ingekuwa mstari mmoja kwenye ritani.

Upande wa shule nao ulikuwa na lake. Malipo ya Mei na Julai, kila moja 57,000,000, yalitoka bila kuzuiwa kodi. Wapo wanaodhani deni la namna hiyo ni la mkandarasi. Sheria inamtazama aliyepaswa kuzuia: usipozuia, unadaiwa kama vile ulizuia. Mara mbili 1,140,000 ni 2,280,000, pamoja na riba inayoongezeka kila mwezi, na riba hiyo huwezi kumrudishia mtu. Kodi yenyewe sheria inakuruhusu kuidai kwa mkandarasi, na hapa shule ilikuwa na bahati: bado ilikuwa imeshika dhamana ya milioni sita. Kama ingekuwa imeshairudisha, kudai milioni mbili kutoka kwa mtu aliyehamia mradi mwingine Katavi ingekuwa kazi ya mwanasheria.

Mkandarasi alikubali kukatwa kwa sharti moja, na alikuwa na haki: kila kinachokatwa kiwe na cheti. Basi shule ikalipa TRA zile 2,280,000, ikatoa vyeti viwili, kimoja cha Mei na kimoja cha Julai, ikibeba riba yenyewe. Dhamana ya milioni sita ilipotoka, ikazuiwa 120,000 kwa cheti cha tatu. Mkandarasi akapokea 3,600,000 na karatasi tatu. Hesabu ya Machi ikabaki kwenye ile barua.

Mhasibu mpya amebadilisha faili la miradi. Kabla ya malipo ya kwanza, nakala ya cheti cha TIN cha yule aliyesaini mkataba inabandikwa ndani ya jalada, na namba inalinganishwa na ya kwenye risiti ya EFD. Kila malipo yana bahasha yake: ankara, hati ya msanifu, vocha yenye mstari wa dhamana na mstari wa kodi, stakabadhi ya TRA, na nakala ya cheti ikiwa na saini ya aliyekipokea na tarehe. Cheti kinataja mwezi, majina na TIN za pande zote mbili, kiasi kilicholipwa na kodi iliyozuiwa. Namba za vyeti zinafuatana kwenye daftari moja, na kila tarehe 7 anajumlisha kodi za mwezi daftarini na kulinganisha na stakabadhi. Zikipishana, ama kuna mtu amezuiliwa bila jina lake kuandikwa, ama kuna fedha iliyokatwa ikabaki kwenye akaunti. Jaribio hilo dogo lingeonyesha kasoro ya Machi mapema Aprili. Bahasha hazichomwi kabla ya miaka mitano, kwa kuwa huo ndio muda ambao Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu zitunzwe. Kila Julai, Sheria ya Fedha mpya inapoanza kutumika, anahakiki viwango upya kabla ya kulipa ankara ya kwanza.

Mwenye shule alipoelezwa yote haya aliuliza kama na yeye atalazimika kuzuia kodi ya fundi anayemjengea nyumba yake Kihonda. Hapana. Mtu binafsi anayelipa kwa mambo yake, nje ya biashara, hazuii. Nyumba hiyohiyo akiijenga kwa fedha na vitabu vya shule ili wakae walimu, vocha inarudi kwenye mistari miwili.