Siri ya Mtungi Aijuaye Kata

Kata ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa mti. Hushuka mtungini mahali ambapo jicho halifiki, ikajua maji yamebaki kiasi gani na mashapo yanaanzia wapi. Anayepita ukumbini huuona mtungi kwa nje tu, umesafishwa na umefunikwa kawa. Ndiyo maana methali hii hutumika zaidi kumnyamazisha mtu anayehukumu ndoa au msiba wa mwenziwe. Matumizi hayo ni sahihi, lakini naona yameishia nusu ya maana. Kata haishuki mtungini ili ikae na siri. Hushuka kuteka, na maji yakapanda kwa kiasi, yakamiminwa katika chombo kilichochaguliwa.

Nusu hiyo ya pili naiona wazi nikiwafikiria wajane wa Pemba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba. Mamia walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Wapo wanawake waliokaa eda, miezi minne na siku kumi, bila ya kuliona jeneza wala kujua kaburi liko upande gani.

Tumfikirie mmoja wao, miaka mingi baadaye, pengine ameshaolewa tena. Anaota marehemu anaingia nyumbani, anavua makubadhi mlangoni, nguo zake kavu, anauliza kama chai ipo. Hamuulizi alikuwa wapi, kwa sababu ndotoni hajui kwamba alikufa. Anamimina chai. Kisha anaamka kwa adhana ya alfajiri, na msiba unamfikia upya kama habari ya leo. Faraja na uchungu vimetoka pamoja. Zile nguo kavu zimempa kitu ambacho bahari ilimnyima, na kule kuamka kumemnyang'anya. Linaloumiza zaidi ni kwamba mume amebaki kijana vilevile, naye mjane ameshaota mvi.

Amwambie nani? Mafunzo ya dini yanayofahamika sana huku yana jawabu la vitendo. Mtume amefundisha kwamba ndoto njema inatoka kwa Mwenyezi Mungu, na aliyeiona asimsimulie ila anayempenda. Ndoto mbaya inatoka kwa shetani: mtu ajikinge kwa Mwenyezi Mungu, ateme mate kidogo kushotoni mara tatu, wala asimsimulie yeyote. Nabii Yaakub naye alimkataza Yusuf kuwasimulia nduguze ndoto yake. Kwa hiyo kusema kumeruhusiwa. Kinachotazamwa ni sikio la kusemewa.

Sikio baya hujulikana upesi, kwa sababu lina jawabu kabla hadithi haijaisha. "Anakuita huyo, jihadhari." Au, "Ana deni, hakupumzika." Mjane aliyeamka na kumbukumbu ya chai analala usiku wa pili na hofu. Sasa mtazame akichambua karafuu na wifi yake, wanazitenga na makonyo jamvini.

"Wifi, jana nimemuota kaka'ako."

"Alivaa nini?"

Swali hilo halitafsiri chochote. Linamwachia aliyeota ateke kiasi anachotaka, na wifi mwenyewe, aliyempoteza kaka, anapata kuonja. Wakimaliza kwa kumwombea dua marehemu, ni jambo jema, na halikuhitaji mganga.

Wafiwa kunyamaza si jambo la Pemba peke yake. Daktari Dewi Rees aliwahoji wafiwa 293 wa Wales, wajane na waliofiwa na wake, akachapisha matokeo mwaka 1971. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kumhisi marehemu yupo nao, si ndotoni bali wakiwa macho. Wengi walisema kuhisi huko kunawasaidia, lakini walio wengi hawakuwa wamemsimulia mtu hata mmoja, na baadhi walihofia kuchekwa.

Kwa mume wa sasa mimi naona kunyamaza si hiyana. Ndoto haikuombwa, na huenda yeye akasikia analinganishwa. Lakini mtoto aliyekua bila ya kumjua babake ana haki ya kuonjeshwa: aambiwe alivyovua makubadhi, na jinsi alivyopenda chai yake.

Iko ndoto moja ambayo kuificha ni hatari. Ni ile inayorudi usiku baada ya usiku kwa sura ileile, maji, giza, sauti inayoita, hata mtu akaogopa kulala, akaacha kula na kazi zikamshinda. Hapo si ziara tena. Huo ni mshtuko usiopoa, na amwambie mtu anayemwamini amsindikize hospitali, hata kama miaka mingi imepita tangu meli kuzama. Dua iendelee, na matibabu yaendelee.