Jicho la Paka na Waridi la Surat ar-Rahman



Ndugu zangu, mwaka jana nilisambaza kwenye kundi letu la Wasapu picha ya nebula iitwayo Jicho la Paka. Chini yake niliandika kwamba hilo ndilo waridi linalotajwa katika aya ya 37 ya Surat ar-Rahman. Dada mmoja wa fizikia akaniuliza, "Kaka, unajua ni kitu gani hicho?" Sikujua. Nimejifunza tangu hapo.

Nyota inayofanana na jua letu ikimaliza fueli ya kiini chake, huvimba na kuanza kutoa gesi ya tabaka zake za nje. Kiini kinachobaki ni kidogo na kina joto kali mno. Miali yake ya urujuanimno huipiga ile gesi, nayo huwaka rangi, kama taa ya mrija inavyowaka umeme unapopita ndani yake. Mwaka 1864 William Huggins aliichambua nuru ya Jicho la Paka hilohilo, akaona kwamba ni gesi, si kundi la nyota.

Je, hizo petali ni nini? Nyota ile ilitoa gesi kwa awamu, takriban kila miaka 1,500, na kila awamu ikawa kiputo kinachotanuka. Sisi tunaona duara kwa sababu ya mahali jicho linapopita. Chukua kiputo chenye nusu kipenyo cha 10 na ukuta wenye unene wa 1. Ukitazama katikati, jicho hupita ukuta wa mbele na wa nyuma, jumla 2. Ukitazama pembeni, pale linapougusa tu uso wa ndani, hupita ndani ya gesi umbali wa karibu 8.7. Gesi ni ileile, lakini ukingo unang'aa mara nne na zaidi. Kiputo cha sabuni nacho huonekana hivyo: ukingo dhahiri, katikati kama hakuna kitu.

Basi tuirudie aya. Inazungumzia kupasuka kwa mbingu, na wafasiri wameieleza kuwa ni habari ya Siku ya Kiyama. Jicho la Paka ni kifo cha nyota moja, na nuru tunayoiona iliondoka huko maelfu ya miaka iliyopita. Nebula za aina hiyo zinajulikana kwa maelfu, na mbingu haijapasuka. Tena nyingi hazifanani na waridi: nyingine ni kama kipepeo, nyingine kama pipa.

Ndugu zangu, nia yangu ilikuwa njema, lakini nilimsemea Allah jambo nisilolijua, na Surat al-Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilo na elimu nalo. Niliifuta ile picha, nikaomba radhi kundini. Nyota ile ni ishara ya Muumba wake hata bila maneno yangu. Allah atusamehe, atuzidishie elimu. Aamiin.