Mwaka Niliouahidi

Hapa kambini mwanamke akishazaa anapata jina jipya. Kwenye foleni ya mgao, kwenye bomba la maji, hata kanisani, hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na baba yake. Anakuwa Mama Riziki, Mama Furaha, Mama Neema. Yule ambaye hajazaa anaendelea kuitwa jina lake la usichana, miaka kumi baada ya ndoa, na kila anayemwita anamkumbusha bila kutaka. Mimi ni mhubiri hapa Nyarugusu, na nilikuwa nimelizoea jambo hilo hata silioni tena.

Kuna mume na mke wa kanisa letu, walioana kule kwetu Fizi kabla ya kukimbia. Miaka saba, hakuna mtoto. Siku moja, katika ibada ya kubariki watoto, nikawaona wamekaa nyuma huku wenzao wote wamepanga mstari mbele na watoto mikononi. Roho yangu ikauma. Nikawaita mbele, nikawawekea mikono, nikasema kwa sauti kubwa kwamba mwaka kesho, wakati kama huu, nao watasimama kwenye mstari ule. Kanisa lote likapiga vigelegele. Mimi mwenyewe nililia. Nilidhani nimefanya kazi nzuri.

Mwaka ukapita. Siku ya kubariki watoto ikafika tena, wao hawakuja. Wiki ile ile nikakutana na yule ndugu sokoni. Akanisalimia kwa heshima, halafu akasema taratibu, "Baba mchungaji, ile mwaka yako imeisha. Sasa watu wanauliza mke wangu amefanya nini."

Hayo maneno nimeyabeba mpaka leo. Si kwamba alinitukana. Alinionyesha kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: ahadi rahisi na lawama ni kitu kimoja, ila zinakuja kwa tarehe mbili tofauti. Ukimwahidi mtu mtoto kwa jina la Mungu, na mtoto asije, lazima apatikane wa kujibu. Mungu hawezi kuwa mwongo, hilo kila mtu anakubali. Mhubiri naye hataki kuwa mwongo. Basi nani amebaki? Ni yule mama. Imani yake ni ndogo, au ana dhambi ya zamani, au ukoo wake una laana. Mimi sikuwahi kumlaumu kwa mdomo wangu, lakini nilikopa kwa jina lake, na deni likaenda kudaiwa nyumbani kwake.

Maneno ya ahadi yangu niliyachukua kwenye Wafalme wa Pili sura ya 4, pale Elisha anapomwambia mwanamke Mshunami kwamba mwaka ujao atakumbatia mwana. Nikarudi kuisoma polepole. Kumbe yule mama hakupiga vigelegele. Alimsihi nabii asimdanganye. Yaani hata katika habari yenye mwisho mzuri, mwanamke mwenyewe anajua kwamba ahadi ya namna hiyo inaweza kumuumiza kuliko kukosa mtoto. Na Elisha alikuwa nabii. Mimi nilikuwa mtu mwenye huruma tu, na huruma nikaifanya unabii.

Basi nikaandika mahubiri mengine. Kwanza nilikwenda nyumbani kwao kuomba msamaha, nikawauliza kama naweza kulisema jambo hili kanisani bila kuwataja. Yule dada akasema, "Sema, ila usiniite mbele." Hilo likawa sharti la kwanza: hakuna kuita mtu, hakuna kusema wenye shida hii wainue mkono. Mtu ana haki ya kusikia faraja akiwa amekaa, bila majirani kumgeukia. Pia sikutumia neno "tasa", maana kwetu linamwangukia mwanamke peke yake.

Nilianza na Luka sura ya 1. Kabla Luka hajatuambia kwamba Zakaria na Elisabeti hawana mtoto, anatuambia kwamba wote wawili ni wenye haki mbele za Mungu na hawana lawama. Huo mpangilio una maana. Luka anafunga mlango wa lawama kwanza, ndipo anataja kilio. Nikawaambia watu: anayetafuta dhambi kwa mama asiyezaa anatafuta kitu ambacho Luka amekiondoa mapema.

Lakini hapo nilijua kuna mtego. Elisabeti mwishowe anapata mtoto. Sara anapata, Hana anapata. Tukiishia hapo, msikilizaji anasema, kumbe ukingoja vizuri unapewa. Ikabidi niseme wazi: habari hizi zimeandikwa kwa ajili ya watoto waliokuja kufanya kazi fulani. Si hesabu ya wanawake wote walioomba. Wapo walioomba vilevile, wakazeeka bila mtoto, na hawakupendwa pungufu. Ndipo nikasoma Isaya sura ya 56. Pale Mungu anasema na matowashi, watu ambao hawatazaa, na hawaahidi mtoto hata mmoja. Anawaahidi nafasi ndani ya nyumba yake, na jina bora kuliko la wana na binti. Jina! Kitu kile kile tunachomnyima dada yetu bombani.

Baada ya ibada mzee mmoja alinijia amekasirika. "Mwanangu, umewakatia watu tumaini." Nilimwelewa, sisi wakimbizi tunaishi kwa tumaini. Nikamjibu, mzee wangu, mimi pia naendelea kumwomba Mungu awape mtoto, na naomba waziwazi. Anayeomba anajua mali si yake. Anayeahidi anatoa kama vile ni yake. Tumaini linaweza kukaa na mtu hata mwaka ukiisha, ila ahadi ya tarehe ikipita inamwacha mikono mitupu na aibu juu yake. Mzee hakukubali yote. Tukaagana vizuri.

Jambo moja la mwili nililisema pia mimbarini, maana kunyamaza nako kunalaumu. Madaktari wanashauri uchunguzi kama miezi 12 imepita bila mimba, na wanataka waende wawili. Mara nyingi sababu iko kwa mwanaume, au kwa wote. Maambukizi kama kisonono na klamidia yanaweza kuziba mirija bila mama kusikia dalili yoyote. Kipimo cha mbegu za mwanaume ni chepesi kuliko vipimo vingi vya mwanamke, lakini kwetu mke anazungushwa kwa miaka huku mume hajapimwa hata mara moja. Si kila kituo kina vipimo hivi, na kipimo nacho si ahadi. Ila kinaweza kumtoa mama kizimbani.

Kwenu mnaofanya kazi na mashirika, nina ombi dogo. Mkikaa na mama, swali la kwanza lisiwe "Una watoto wangapi?" kama fomu haiwahitaji watoto.

Wale ndugu wawili wamerudi. Bado hawana mtoto, na sijui kama watapata. Jumapili iliyopita, siku ya kubariki watoto, walikaa nyuma kama zamani. Nilipomaliza kuwaombea watoto, niliwaombea wanaotamani na hawajapewa, sentensi mbili tu, kisha tukanyamaza kidogo. Wakati wa kutoka nikamsikia mama mmoja akimwita yule dada kwa jina lake, akisema njoo tutembee wote. Alilitaja jina vizuri, kama jina la mtu.