Picha ya Tano

Jirani yangu hapa Mbezi Luis alinitumia picha tano za mkufu wa lulu, Jumapili usiku, umeme ukiwa umekatika. Chini yake aliweka ujumbe wa sauti: "Mwanangu, wewe si ndiyo mtu wa kalamu? Niandikie tangazo zuri. Useme lulu za asili, za Ghuba, za zamani."

Mkufu aliachiwa na shangazi yake aliyeishi Maskati miaka mingi. Binti yake amepata chuo, na mkopo aliopewa hautoshi. Mnunuzi alishapatikana, mtu wa mjini, na bei aliyoitaja ingelipa ada ya mwaka mzima na chenji ikabaki. Sharti lake lilikuwa moja tu: ziwe za asili.

Nilifungua picha moja moja. Kidogo mambo haya ninayajua, kwa sababu niliwahi kufuatilia habari za akina mama wa Fumba na Bweleo, kule Unguja, wanaofuga chaza na kuvuna nusu lulu. Nusu lulu hupatikana kwa kubandika kibonge kidogo ndani ya gamba la chaza, kisha kumrudisha baharini. Ndani ya takriban mwaka mmoja chaza anakuwa amekifunika kibonge kile kwa tabaka lile lile linalong'aa ndani ya gamba lake. Lulu nzima ya kufugwa ya baharini inafuata njia hiyo hiyo, ila mfugaji anapasua nyama ya chaza na kupandikiza humo kiini cha mviringo kilichochongwa kutoka gamba la kombe, pamoja na kipande cha nyama ya chaza mwingine. Lulu ya asili haina mkono wa mtu. Kitu kilimwingia chaza au kilimdhuru, akajifungia nacho, akakizungushia tabaka juu ya tabaka, tangu katikati kabisa mpaka nje.

Kwa hiyo tofauti iko ndani, na picha inapigwa nje. Shida yote inaanzia hapo.

Picha ya kwanza ilionyesha mkufu mzima juu ya kitambaa cheusi. Punje kubwa zilikuwa katikati, zikipungua taratibu kuelekea kwenye kifungio. Mpangilio huo unatia moyo, maana zamani, kupata punje za asili zilizolingana kabisa ilikuwa kazi ya miaka, na kuzipanga kwa kupungua lilikuwa suluhisho rahisi. Lakini wafugaji nao waliiga mpangilio huo kwa miongo mingi. Haukunipa jibu.

Picha ya pili ilikuwa ya mafundo. Kila baada ya punje, uzi ulikuwa umefungwa fundo dogo, na mafundo yenyewe yalishaingia rangi ya jasho na manukato. Fundo lina kazi mbili: punje zisisagane, na uzi ukikatika usipoteze zote sakafuni. Mtu anayehangaika kufunga mafundo tisini anaamini kwamba anachofunga kina thamani. Ila uzi wa hariri hubadilishwa kila baada ya miaka, na hata shanga za kioo zilizopakwa rangi ya lulu zinaweza kufungwa mafundo mazuri sana. Fundo linakupa habari za fundi. Habari za chaza halina.

Picha ya tatu ilionyesha mng'ao. Kwenye punje moja niliona dirisha la sebuleni kwake limejichora, na nondo zake nikaweza kuzihesabu. Taswira ikiwa na kingo kali namna hiyo, tabaka la juu ni safi na limekaa vizuri. Likiwa hafifu, taswira inakuwa kama umeitazama kupitia maziwa. Hapo nilifurahi, nikajikemea. Simu za siku hizi zinalainisha picha zenyewe bila kuombwa. Halafu mng'ao unatoka kwenye tabaka la juu, na tabaka la juu ni kazi ya chaza katika lulu zote mbili.

Picha ya nne ilikuwa ya ngozi ya punje. Alikuwa ameazima kile kilenzi cha kubandika kwenye simu. Vilionekana vistari vyembamba vinavyojikunja na kufuatana, kama alama ya kidole gumba kwenye fomu. Hivyo ni kingo za matabaka. Lulu bandia haina vistari hivyo. Ukiikuza, ngozi yake inakuwa na vipele vidogo kama ganda la yai, na mara nyingi rangi inabanduka karibu na tundu. Basi hizi zilikuwa lulu za kweli, zilizotoka ndani ya kiumbe. Hilo lilithibitika.

Mpaka hapo nilikuwa na picha nne, na zote ziliruhusu neno "asili". Hakuna hata moja iliyolisema.

Picha ya tano ilikuwa ya tundu. Uzi ulikuwa umelegea karibu na kifungio, punje mbili zimeachana, na yeye alikuwa amepiga picha kwa ukaribu ule ule. Tundu lilikuwa pana. Lulu za asili ziliuzwa kwa uzito, na mtobozi aliyepanua tundu alikuwa anatupa hela; ndiyo maana matundu yake kwa kawaida ni membamba, mara nyingi chini ya nusu milimita. Hata hivyo upana peke yake usingenitosha, maana tundu linaweza kupanuliwa ili uzi mpya upite. Kilichonitosha kilikuwa ndani. Kwenye ukuta wa tundu lile kulikuwa na utando mwembamba unaong'aa, chini yake mstari mweusi ulioizunguka punje kama kope iliyotiwa wanja, na chini ya mstari, kitu cheupe kisicho na tabaka lolote. Mstari ule ni mpaka: pale ndipo kazi ya chaza inapoishia na kiini cha mtu kinapoanza. Punje ya pili ilikuwa hivyo hivyo.

Nilimpigia. Nikamwambia, mama, hizi ni lulu kweli, lakini ni za kufugwa. Angalau hizi mbili, na kwa jinsi zinavyofanana na wenzake, sitegemei zilizobaki ziwe tofauti. Akitaka kumaliza ubishi wa punje moja moja, ni eksirei kwenye maabara ya vito: ya asili huonyesha miduara kama kitunguu kilichokatwa, ya kupandikizwa huonyesha kiini kimekaa katikati.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema maneno ambayo sijayamaliza mpaka leo.

"Kwani chaza alijua kama anafugwa?"

Nikacheka, lakini ni hoja nzito. Alichofanya chaza ni kile kile. Kinachong'aa shingoni ni kile kile. Mwaka 1917 huko New York, sonara Cartier alipata jumba la Fifth Avenue kwa kutoa mkufu wa nyuzi mbili za lulu za asili na dola 100. Miaka 40 baadaye mkufu ule ule uliuzwa kwa chini ya robo ya bei yake ya awali. Punje zilikuwa zile zile, ila lulu za kufugwa za Mjapani Mikimoto na wenzake zilikuwa zimeingia sokoni katikati ya safari. Jirani yangu ana haki ya kuuliza: mnunuzi analipia nini hasa?

Na hoja yake ingeweza kuwa nzito zaidi angetaka. Neno "asili" linasikika safi, kama maji ya chemchemi. Lakini lulu za Ghuba za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20 zilizamiwa na watu, na miongoni mwao walikuwemo watumwa waliotolewa pwani yetu hii na nchi za ndani, pamoja na watoto wao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Biashara ya magendo iliendelea, na bei nzuri ya lulu ilikuwa sababu mojawapo. Mtu alishuka na jiwe mguuni, akashika pumzi, akarudi na kikapu ambacho si chake. Ukiniuliza ipi kati ya lulu hizi mbili ina doa, sitakujibu haraka. Mama wa Bweleo anavuna nusu lulu yake, anaiita ya kufugwa, na fedha inaingia mfukoni mwake.

Sasa kama ndivyo, uongo uko wapi? Nilikaa na swali hilo mpaka umeme ukarudi. Nilichokiona ni kwamba mnunuzi yule alishaziona lulu, akazipenda, na kwa uzuri wake peke yake angeweza kutoa bei fulani. Juu ya bei hiyo aliongeza nyingine, kubwa zaidi, kwa ajili ya neno. Katika biashara ile, neno lilikuwa bidhaa. Unaweza kuliona neno hilo ni la kipuuzi, hata lina damu, lakini ukipokea hela yake unadaiwa ulitoe. Upumbavu wa mteja haugeuki kuwa ruhusa.

Nilidhani nimemaliza. Kesho yake asubuhi akanigongea, ameshika simu.

"Sawa, tusiseme asili. Tuseme tu lulu. Na hiyo picha ya tundu siiweki. Asipouliza, mimi nimedanganya nini?"

Hapo ndipo aliponishika, maana kazi yangu ndiyo hiyo. Niliwahi kukata picha ya mkutano wa hadhara ili viti vitupu visionekane. Sikuandika kwamba uwanja ulijaa. Niliacha msomaji ajaze mwenyewe. Hakuna aliyelalamika, na kila neno chini ya picha lilikuwa kweli.

Picha nne za jirani yangu nazo ni za kweli, hata nondo za dirisha ni za kweli. Lakini mpangilio wa picha ni sentensi, na sentensi ya picha nne inasema jambo ambalo yeye sasa anajua si kweli. Kabla sijampigia, angeweza kuzituma kwa moyo safi. Baada ya simu ile, kuacha picha ya tano lilikuwa tendo. Ninakiri kwamba mzigo huo nilimtwika mimi. Kama ningesema "sijui, mama", angelala vizuri. Nimejiuliza kama nilikuwa na haki ya kujua kwa niaba yake. Nadhani mtu akikupa picha ya tundu na kukuomba uandike, ameshakuomba uangalie.

Sikumwambia yote hayo mlangoni. Nilimwambia tu kwamba jina langu nimeliweka kwenye viti vile vitupu mara moja, inatosha. Nikamwandikia: "Lulu za kufugwa za baharini, punje 91, mng'ao mzuri, zimefungwa mafundo, uzi unahitaji kubadilishwa." Alisoma, akasonya, akaondoka bila kuaga.

Mtu wa mjini hakununua. Baadaye alijitokeza mwingine, kwa bei inayolipa muhula mmoja, muhula wa pili tutajua mbele ya safari. Nilitazama tangazo lenyewe kwenye simu ya mtu. Picha ya tano aliiweka, ya mwisho kabisa, baada ya picha mbili za dirisha.